Dola imepanda, mzigo wa zamani bado uko rafuni: namna ya kupanga bei upya bila kula mtaji wala kufukuza wateja

Kuna asubuhi niliuza pampu za maji 12 kwa mtu mmoja, nikajiona nimeamkia upande mzuri. Kijana aliingia, akauliza bei, akalipa taslimu bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Wiki mbili baadaye nilipita kwa mfanyabiashara mwenzangu nikaziona pampu zilezile, maboksi yakiwa bado na alama ya kalamu niliyokuwa naweka kwenye kila mzigo, zikiuzwa kwa bei ya juu kuliko yangu. Mwenzangu alikuwa amepiga hesabu akaona kununua dukani kwangu ni nafuu kuliko kuagiza kiwandani. Dola ilikuwa imepanda, mimi nikabaki na bei ya zamani kwa sababu "mzigo huu nilinunua kabla".

Kosa langu lilikuwa katika swali nililojiuliza. Nilijiuliza nilinunua kwa ngapi, wakati muuza bidhaa za nje anatakiwa ajiulize: nikiuza hii leo, pesa yake itanirudishia nyingine kama hii? Bei ya kununulia pampu ya kwanza ni habari ya zamani. Bei inayokuhusu ni ya pampu itakayokuja kukaa kwenye nafasi yake rafuni.

Nitatumia pampu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ili hesabu iwe nyepesi na uweze kuihamishia kwenye fedha yako, tuseme mwanzoni dola moja ilikuwa inanunuliwa kwa 100 za fedha ya nyumbani.

Hatua ya kwanza: vunja gharama ya pampu moja, uone ipi inafuata dola

Kiwandani pampu ni dola 40. Nauli ya meli na bima, ukigawa kwa idadi ya pampu kwenye mzigo, ni dola 5. Jumla dola 45, yaani 4,500 kwa fedha ya nyumbani. Ushuru wa forodha tuuweke asilimia 10 ya thamani hiyo: 450. Wakala wa forodha, tozo za bandarini na lori la kufikisha ghalani ni 400. Pampu inafika ghalani ikiwa imegharimu 5,350. Juu ya hapo kuna pango, mishahara, umeme na mengineyo, ambavyo ukigawa kwa pampu unazouza unapata 800 kwa kila moja. Tulikuwa tunaiuza 6,700, na baada ya kutoa vyote inabaki faida ya 550 kabla ya kodi ya mapato. Kodi ya ongezeko la thamani nimeiacha nje kwa makusudi, maana aliyesajiliwa huirejesha. Kama wewe hujasajiliwa, iingize kwenye gharama, kwa sababu kwako hairudi.

Sasa tazama mistari hiyo. Bei ya kiwanda, nauli na bima vinakwenda na dola moja kwa moja. Ushuru nao unakwenda nayo ingawa unaulipa kwa fedha ya nyumbani, kwa kuwa unakokotolewa kwa thamani ya mzigo iliyobadilishwa kutoka dola. Hapa ndipo wengi wanapojisahau: wanapandisha bei ya bidhaa kwenye daftari na kuuacha ushuru kama ulivyokuwa. Lori linafuata kwa nyuma, mafuta yakipanda. Pango na mishahara havisogei wiki hiyo hata kama vitasogea baadaye.

Hatua ya pili: tumia bei ya dola utakayoilipia wewe

Habari zinasema dola imefika 115. Hiyo ni bei ya kati, hakuna anayekuuzia kwa bei hiyo. Benki ina bei yake ya kuuzia, kuna ada ya kutuma, na dola zikiadimika kuna siku kadhaa za kusubiri ambazo bei inaendelea kupanda. Chukua risiti yako ya mwisho ya kutuma pesa, gawa jumla ya fedha iliyotoka kwenye akaunti yako kwa dola zilizomfikia muuzaji. Hiyo ndiyo bei yako ya dola. Kwenye mfano wetu tuseme ni 118.

Ushuru una bei yake nyingine. Katika nchi nyingi mamlaka ya forodha hutangaza bei ya kubadilishia fedha kwa kipindi fulani, na hiyo ndiyo inayotumika kwenye hati zako siku mzigo unapoingizwa. Tuiweke 115.

Hesabu mpya: dola 45 mara 118 ni 5,310. Ushuru ni asilimia 10 ya 5,175, yaani karibu 520. Wakala na lori vimesogea hadi 420. Jumla ni 6,250. Hii ndiyo gharama ya mzigo unaofuata, na imepanda 900 kutoka 5,350.

Angalizo dogo la lugha ya habari. Wakisema fedha yetu imeshuka asilimia 20, dola haijapanda asilimia 20, imepanda 25, kwa sababu kilichokuwa kinanunua dola moja sasa kinanunua senti 80 tu. Ukipandisha gharama zako za dola kwa asilimia 20 umeshapungukiwa. Acha asilimia za kwenye taarifa, piga hesabu kwa bei zenyewe.

Hatua ya tatu: hesabu vipande, siyo pesa

Tuseme nina pampu 50 za zamani na ninaziuza zote kwa 6,700. Napata 335,000. Natoa gharama za duka 40,000, inabaki 295,000. Daftari linaonyesha faida ya 27,500 na kila mtu anatabasamu. Mkusanya kodi naye analiangalia daftari hilohilo: kama kodi ya mapato ni asilimia 30, anachukua 8,250. Mkononi imebaki 286,750. Nikigawa kwa 6,250 napata pampu 45 na chenji. Nilianza na 50. Sijala kitu, sijaibiwa, sijakopesha, na pampu nne au tano zimetoweka ndani ya mzunguko mmoja ulioandikwa "faida".

Kwa hiyo weka kipimo hiki kila mwezi: pampu zilizopo, jumlisha pampu ambazo pesa yako ya biashara inaweza kununua kwa gharama ya leo, ondoa zile zinazolingana na madeni unayodaiwa. Namba hiyo ikishuka huku mauzo ya pesa yakipanda, bei yako iko chini. Benki haitakuambia, na mhasibu hatakuambia, kwa kuwa vitabu vyake vinatakiwa viandike gharama uliyolipa kweli.

Hatua ya nne: tafuta sakafu, kisha chagua bei juu yake

Sakafu ya haraka ni gharama ya mzigo unaofuata pamoja na gharama za duka: 6,250 na 800, yaani 7,050. Ila kwa mzigo wa zamani haitoshi, kutokana na ile kodi. Ukiuza 7,050, daftari linatoa gharama ya zamani na kuonyesha faida ya 900, unatozwa 270, na tayari umepungukiwa na hiyo 270 kununua pampu nyingine. Sakafu kamili inapatikana hivi:

```
bei ya sakafu = (M + D - k × (Z + D)) ÷ (1 - k)

M = gharama ya mzigo unaofuata    (6,250)
D = gharama za duka kwa kipande   (800)
Z = gharama ya mzigo wa zamani    (5,350)
k = kiwango cha kodi ya mapato    (0.30)
```

Kwa namba zetu inatoka 7,436. Chini ya hapo unauza mtaji. Nyongeza hii ya kodi ni ya mzigo wa zamani tu. Mzigo mpya ukiingia kwenye vitabu kwa 6,250, pengo linafungika na sakafu inarudi 7,050. Kama unalipa kodi kwa mauzo badala ya faida, fomula hii si yako: toa asilimia ya kodi kwenye bei moja kwa moja.

Juu ya sakafu kuna njia mbili za kufikiri. Ya kwanza ni kupandisha bei kwa kiwango kilekile cha dola, asilimia 18, na pampu inafika 7,906. Ya pili ni kulinda faida yako kwa pesa: gharama zote 7,050, ongeza 550 yako uliyoizoea, unapata 7,600. Njia ya pili imepandisha bei kwa kama asilimia 13 tu ilhali dola imepanda 18, kwa sababu pango na mishahara havijapanda.

Mimi huchagua ya pili kwenye wimbi la kwanza. Tofauti ya 306 kati ya bei hizo mbili ndiyo inayompeleka mteja duka la pili. Lakini nisikudanganye kwamba haina gharama: 550 ya leo inanunua vitu vichache kuliko 550 ya mwaka jana, na mishahara ikipanda baadaye lazima nisogee tena. Ni njia ya kugawa maumivu katika awamu, haiyaondoi.

Hatua ya tano: lini upandishe

Kubadili bei kila dola inapotikisika kunamchosha mteja na kunamfundisha kungoja. Kukaa miezi mitatu kisha kupandisha kwa mkupuo kunamshtua. Utaratibu unaonifaa ni kupiga hesabu kila wiki siku moja ileile, na kubadili bei pale tu gharama ya mzigo unaofuata inapokuwa imesogea asilimia 5 kutoka ile niliyojengea bei iliyopo. Bidhaa yenye faida nyembamba naipa asilimia 3, kwa maana pengo la 5 linaimeza faida yote kabla sijaamka.

Kuna dalili moja haingoji siku ya hesabu: bidhaa iliyokuwa ikienda vipande viwili kwa wiki inapoanza kuondoka kumi bila mtu kubishania bei. Hao si wateja wapya. Simamisha mauzo ya jumla ya bidhaa hiyo kwa saa moja, piga hesabu, ndipo uendelee. Ningekuwa nimefanya hivyo kwa yule kijana wa pampu 12.

Ikiwa sakafu imekwenda mbali sana na bei yako ya sasa, unaweza kupanda ngazi mbili, mradi ngazi ya kwanza ifike sakafuni. Kupanda nusu ya njia chini ya sakafu "ili wateja wazoee" ni kuwalipia wateja mazoezi kwa mtaji wako.

Hatua ya sita: zigawe bidhaa kwa kumbukumbu ya mteja

Hakuna mteja anayekumbuka bei za bidhaa mia tatu. Anakumbuka chache anazonunua mara kwa mara au zile kubwa anazouliza duka hadi duka, na kwa hizo ndiyo anaamua kama wewe ni wa bei ghali. Dukani kwangu pampu yenyewe inakumbukwa. Sili, valvu, viungio na swichi ya kuzima pampu maji yakiisha havikumbukwi, na mara nyingi hununuliwa na fundi akiwa na haraka.

Kwa hiyo pampu niliiweka 7,500, juu kidogo tu ya sakafu, na viungio nikavipandisha kwa ile asilimia 18 kamili. Pampu moja huondoka na viungio vya kama 1,000, na hapo sehemu ya ile 100 niliyoiacha kwenye pampu inarudi. Usiteremke chini ya sakafu hata kwenye bidhaa inayokumbukwa. Anayekuja kwa ajili ya pampu ya hasara hununua pampu hiyo peke yake.

Angalia pia vitu ulivyokuwa unavitoa bure ndani ya bei. Sisi tulikuwa tunapeleka pampu hadi kwa mteja bila malipo. Tukatenganisha: anayekuja mwenyewe analipa bei ya pampu, anayepelekewa analipia usafiri. Wapo wengi waliochagua kuja wenyewe, na bei kwenye ubao ikapungua ukali. Ninachokikataa ni kupunguza ubora kimyakimya, kuweka pampu yenye nyaya za alumini mahali pa ile ya shaba na kuacha jina lilelile. Fundi ataigundua siku ya kwanza atakapoifungua. Kama unaleta ya bei nafuu, iweke pembeni ya ile ya awali, kila moja na bei yake, na useme tofauti.

Hatua ya saba: mweleze mteja kabla hajaiona bei

Mteja wa kudumu anayekuta bei mpya ubaoni anahisi amegeukwa. Akiambiwa siku saba kabla, hata akinung'unika, anajua unamhesabu. Ujumbe ninaoutuma huwa mfupi hivi:

"Habari fundi. Kuanzia Jumatatu ya tarehe 12, pampu ya nusu farasi itakuwa 7,500 badala ya 6,700, kwa sababu mzigo unaofuata tunaulipia dola kwa 118. Hadi Jumamosi unaweza kuchukua pampu 4 kwa bei ya zamani, malipo taslimu. Profoma zote tulizokupa zitaheshimiwa hadi tarehe yake ya mwisho."

Kila sentensi hapo ina kazi. Tarehe inaondoa ubishi. Sababu imesemwa kwa namba moja, bila kulalamika kuhusu serikali wala uchumi wa dunia. Hizo pampu 4 si namba ya kubuni: nachukua wastani wa manunuzi yake ya mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Bila kikomo hicho, ofa ya bei ya zamani inakuwa ni kumgawia mtaji mwenye ghala kubwa. Najua kwamba kila moja kati ya hizo 4 inanigharimu zaidi ya 500 kwa hesabu ya mzigo unaofuata, kwa hiyo ofa hii huwapata wateja wa kudumu peke yao, mara moja, na ninaiandika kama gharama ya kutunza wateja. Kama huna uwezo wa kuibeba, toa taarifa bila ofa.

Profoma ndiyo mlango mwingine wa hasara. Ya kwangu ya zamani haikuwa na tarehe ya mwisho, na mteja mmoja alirudi nayo baada ya miezi miwili akiwa na haki kabisa. Siku hizi ina siku 7, na ina sentensi moja: anayelipa nusu amefunga bei. Nusu hiyo naipeleka kwa muuzaji wa nje siku hiyohiyo kama malipo ya awali. Ikikaa benki ikingoja, bei imefungwa upande wa mteja na iko wazi upande wangu.

Hatua ya nane: mali kauli

Hapa ndipo bei nzuri inapoharibika. Tuseme nimempa mtu wa rejareja pampu kwa 7,600, ile bei ya kulinda faida, alipe baada ya siku 60. Siku anayolipa, dola nainunua kwa 124, forodha wanatumia 121. Pampu inayofuata ni 5,580 na ushuru wa karibu 545 na 420 ya wakala na lori, jumla 6,545. Gharama imekimbia 295 wakati pesa yangu iko mfukoni mwa mtu, na zaidi ya nusu ya ile 550 imeyeyuka kabla ya kuhesabu wasiolipa kabisa.

Nina bei mbili ubaoni tangu wakati huo: ya taslimu, na ya mkopo ambayo imejengwa kwa dola ninayoitarajia siku ya malipo. Tofauti yake naionyesha kama punguzo kwa anayelipa sasa. Hesabu ni ileile, ila punguzo halimuudhi mtu kama nyongeza. Mkopo wa siku 60 nimeukata hadi 21, na mwenye deni la zamani hachukui mzigo mpya hadi alipe. Niliwapoteza wawili kwa masharti haya, mmoja wao akiwa na deni ambalo mpaka leo sijalipata.

Kama benki yako inauza dola za kupokea mbele kwa bei mliyokubaliana leo, uliza gharama yake kwa ajili ya mauzo ya mkopo makubwa. Kwa mzigo mdogo mara nyingi ada yake inazidi hofu, na kulipa muuzaji mapema kunafanya kazi hiyohiyo.

Dola ikirudi chini

Huwa inarudi, angalau kidogo, na hapo shida inageuka. Una mzigo ulionunua kwa 118 na mwenzako anaagiza kwa 108. Sakafu yako sasa ni ya chini kuliko ulicholipa, na hesabu ya mzigo unaofuata inakuhukumu kwa sheria ileile uliyoitumia kupandisha. Ukigoma kushusha kwa kuwa "nilinunua ghali", umerudi kwenye swali baya la mwanzo, safari hii kwa upande wa pili, na wateja wote ulioandikia ujumbe wa 118 wanajua kusoma 108.

Ninachofanya ni kushusha kwa njia ya punguzo lenye tarehe kwanza, bila kufuta bei ya ubaoni, mpaka dola itulie wiki tatu au nne. Na kwa kuwa najua siku hiyo itakuja, dola inapokuwa kileleni naagiza pampu 20 badala ya 50, mara nyingi zaidi. Nauli kwa kila pampu inapanda, kutoka dola 5 hadi pengine 7. Hizo dola 2 nazilipa bila kinyongo, maana dola ikishuka hadi 108 kila pampu iliyolala ghalani inapoteza zaidi ya 400, na ni bora zilale 20 kuliko 50.